Miche Ishirini na Sentensi Moja: Kuandika Hitimisho la Kipimo cha t

"Jaribio hili limethibitisha kuwa mboji huongeza mazao ya maharage."

Sentensi ya namna hii hufunga ripoti nyingi za biolojia za wanafunzi wa sekondari na wa mwaka wa kwanza chuoni. Ni fupi, inasomeka vizuri, na mara nyingi nyuma yake kuna kazi halali: mbegu zimeoteshwa, urefu umepimwa kwa rula, wastani umekokotolewa, na kipimo cha t kimetoa namba iliyo chini ya 0.05. Tatizo ni kwamba kazi hiyo yote haikumpa mwandishi haki ya kusema maneno hayo. "Limethibitisha" limezidi, "huongeza" linahitaji ushahidi ambao hauko kwenye kipimo, "mazao" hayakupimwa, na "maharage" ni mengi kuliko yaliyokuwa kwenye makopo. Nitaichukua sentensi hii neno kwa neno nionyeshe data inaruhusu nini, kwa sababu anayesoma hitimisho, awe mkulima au mwalimu, mara nyingi hasomi jedwali. Sentensi ikizidisha, yeye ndiye atakayenunua mboji kwa matumaini yasiyo na msingi.

Jaribio lenyewe

Mfano wetu ni wa kubuni, lakini hesabu zake ni za kweli na msomaji mwenye kikokotoo anaweza kuzifuata. Mwanafunzi ameotesha miche 20 ya maharage ya mbegu moja, kila mche katika kopo lake. Makopo 10 yana udongo wa bustani uliochanganywa na mboji. Makopo 10 mengine yana udongo ule ule bila mboji. Hilo ndilo kundi linganishi. Miche yote imemwagiliwa kiasi kile kile cha maji. Siku ya 21 amepima urefu wa kila mche kwa sentimita, kuanzia usawa wa udongo hadi ncha ya shina.

Wenye mboji: 19, 20, 22, 23, 24, 24, 25, 26, 28, 30.

Bila mboji: 16, 18, 19, 20, 21, 21, 22, 23, 24, 26.

Wastani wa kundi la kwanza ni sentimita 24.1, na wa kundi la pili ni 21.0. Tofauti ni sentimita 3.1. Mwenye haraka angeishia hapo na kutangaza kuwa mboji imeshinda. Lakini tazama tena orodha hizo mbili. Mche mmoja wenye mboji una sentimita 19 tu, na mmoja usio na mboji umefika 26. Miche hutofautiana hata ikilelewa sawasawa, kwa sababu mbegu moja ilikuwa nzito kuliko nyingine, au moja ilichipua siku mbili kabla ya mwenzake. Kiasi cha kutawanyika huko hupimwa kwa mchepuko sanifu. Katika kundi la mboji mchepuko ni sentimita 3.4, na katika kundi linganishi ni 2.9. Swali la kipimo cha t ni hili: tofauti ya 3.1 ni kubwa kiasi gani ukiilinganisha na mtawanyiko wa kawaida wa miche?

Hesabu yake huanza kwa kutafuta kosa sanifu la tofauti, yaani kiasi ambacho tofauti ya wastani mbili ingeyumba kama jaribio lingerudiwa mara nyingi kwa miche mingine. Kwa data hii ni sentimita 1.418. Gawanya 3.1 kwa 1.418 upate t = 2.19. Miche 20 katika makundi mawili inatupa digrii za uhuru 18, na kwenye jedwali la t mpaka wa asilimia 5 kwa digrii 18 ni 2.101. Namba yetu imeuvuka mpaka huo, lakini kwa kidogo. Anayetumia Excel akiwa ameweka data kwenye safu A na B ataandika hivi:

```
=T.TEST(A2:A11,B2:B11,2,2)
```

Jibu ni 0.042, ambayo ndiyo thamani ya p. Ile 2 ya kwanza baada ya data inamaanisha tunahesabu tofauti za pande zote mbili, yaani mboji kurefusha au kufupisha. Ukiweka 1 mahali pake, p itakatika nusu na kuwa 0.021, na wapo wanaofanya hivyo baada ya kuona matokeo ili namba ipendeze. Uamuzi wa upande mmoja au pande mbili hufanywa kabla mche wa kwanza haujapimwa. Ile 2 ya mwisho inamaanisha makundi ni ya miche tofauti na mitawanyiko yao inakaribiana, kama 3.4 na 2.9 zinavyokaribiana hapa.

p inasema nini

Kipimo hiki kilitokana na tatizo la sampuli ndogo. Mwaka 1908 William Sealy Gosset, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, alichapisha njia ya kukadiria wastani kutokana na vipimo vichache, akitumia jina la Student badala ya lake. Mpaka wa 0.05 ulienezwa baadaye na Ronald Fisher, hasa kwa kitabu chake cha mwaka 1925 kilichoandikwa kwa ajili ya watafiti. Fisher aliuchagua kwa sababu ulikuwa rahisi kutumika. Hakuna jambo la kibiolojia linalobadilika p inapotoka 0.051 na kuingia 0.049.

Ili kuona 0.042 inabeba nini, tuseme mboji haikufanya lolote. Basi kila mche ungekuwa na urefu ule ule iwe kopo lake lina mboji au halina, na lebo zilizobandikwa kwenye makopo zingekuwa maneno matupu. Bandua lebo zote 20, zichanganye kwenye mfuko, uzibandike upya bila kutazama, kumi za "mboji" na kumi za "bila", kisha kokotoa tofauti ya wastani. Rudia. Kuna njia 184,756 za kugawa miche 20 katika makundi mawili ya kumi kumi. Katika migao mingi tofauti itakuwa ndogo, sentimita moja au chini yake. Katika michache itafika 3.1 au kuzidi, upande wowote. Kipimo cha t hukadiria kwa fomula uchache wa aina hiyo: kama mboji haina athari, tofauti kubwa kama yetu au zaidi ingejitokeza kwa bahati katika takribani majaribio 4 kwa kila 100.

Soma tena mwanzo wa maelezo hayo: kama mboji haina athari. Hesabu nzima inafanyika ndani ya dhana hiyo. Kwa hiyo p haiwezi kutuambia uwezekano kwamba dhana hiyo ni ya kweli. Anayeandika "kuna uhakika wa asilimia 95.8 kuwa mboji inafanya kazi" amegeuza swali. Aliuliza "data hii ni ya ajabu kiasi gani kama mboji haifanyi kitu?" kisha akaandika jibu la "ni uwezekano gani mboji inafanya kitu?" Hayo ni maswali mawili, na la pili haliwezi kujibiwa bila kujua mambo mengine, kama vile majaribio ya awali yalionyesha nini.

Ndiyo maana "limethibitisha" haliwezi kubaki. Kuna njia ya kuliona hilo kwa namba. Tuseme athari halisi ya mboji ni sentimita 3.1 kamili, vilevile tulivyopima, na mwanafunzi mwingine anarudia jaribio kwa miche 20. Nafasi yake ya kupata p chini ya 0.05 ni kidogo tu zaidi ya nusu. Jambo ambalo lingeweza kushindwa kuonekana karibu nusu ya mara linaporudiwa, hata likiwa la kweli, halijathibitishwa na jaribio moja. Data imetoa ushahidi, na neno la kutumia ni hilo: "data inaonyesha", "matokeo yanaunga mkono", "kuna ushahidi kuwa". Vivyo hivyo, p ingekuwa kubwa tusingeandika kuwa dhana imekanushwa.

Tofauti ni kubwa kiasi gani

"Yenye maana kitakwimu" ni maneno yanayopotosha wengi, kwa sababu msikilizaji hudhani yanamaanisha "kubwa" au "ya muhimu shambani". Hayamaanishi hivyo. Ukipima makumi ya maelfu ya miche, tofauti ya milimita moja inaweza kutoa p ndogo sana, na hakuna mkulima atakayeiona kwa macho. Ukubwa wa athari husomwa kwenye tofauti yenyewe, na ripoti isiyoitaja tofauti kwa sentimita imeficha sehemu ambayo msomaji anaihitaji zaidi.

Pamoja na tofauti yaandikwe masafa ya uaminifu ya asilimia 95, yaani kiwango cha chini na cha juu ambacho data inakubaliana nacho. Zidisha kosa sanifu 1.418 kwa ile 2.101 ya jedwali: unapata 2.98. Toa na ujumlishe kwenye 3.1, na masafa yanakuwa kati ya sentimita 0.1 na 6.1. Njia hii ina sifa kwamba, ikitumiwa katika majaribio mengi, masafa yake huibeba tofauti halisi katika takribani 95 kwa kila 100.

Sasa matokeo yanazungumza wazi kuliko p ilivyoweza. Data hii inakubaliana na mboji inayorefusha mche kwa sentimita 6, ambayo ni zaidi ya robo ya urefu wa mche wa kundi linganishi. Inakubaliana pia na mboji inayorefusha kwa milimita 1, ambayo si kitu. Mwandishi anayeona masafa hayo hawezi tena kuandika "mboji huongeza urefu kwa kiasi kikubwa". Ataandika kuwa makadirio ni sentimita 3.1 na kwamba hayajawa sahihi vya kutosha.

Je, ni mboji iliyofanya hivyo?

Neno "huongeza" linadai chanzo. Kipimo cha t hakijui kitu kuhusu chanzo; kinapokea orodha mbili za namba tu. Haki ya kutaja chanzo hutoka kwenye namna jaribio lilivyopangwa, na msomaji huitafuta kwenye sehemu ya mbinu.

Swali la kwanza ni nani aliamua mche upi upate mboji. Kama mwanafunzi alichagua kwa macho, huenda miche yenye afya ilienda upande mmoja bila yeye kukusudia. Kama alipiga kura, tofauti za mbegu ziligawanyika kwa bahati, na bahati ndiyo ambayo p inaihesabu. Swali la pili ni makopo yalikaa wapi. Hapa biolojia ina mtego wake: mche uliopungukiwa mwanga hurefuka haraka, shina likiwa jembamba na majani yakipauka, kwa sababu unautafuta mwanga. Kama makopo yote ya mboji yalipangwa upande wa ndani wa chumba na mengine dirishani, miche ya mboji ingeweza kuwa mirefu kwa kukosa mwanga, na urefu huo ungekuwa dalili ya udhaifu. p ingekuwa ile ile 0.042. Ripoti inayosema "makopo yalichanganywa kwa kura na kuhamishwa nafasi kila siku mbili" imeuziba mlango huo. Isiyosema kitu imeuacha wazi.

Swali la tatu ni kama miche 20 ni kweli vipimo 20 vinavyojitegemea. Fikiria mwanafunzi mwingine aliyeotesha miche kumi katika trei moja yenye mboji na kumi katika trei moja isiyo nayo. Trei moja ikipata tundu la kupitisha maji vizuri zaidi, miche yote kumi inanufaika pamoja. Alicholinganisha ni trei mbili, si miche ishirini, na t iliyokokotolewa kwa digrii za uhuru 18 imejipa nguvu isiyo yake. Mwaka 1984 mwanaikolojia Stuart Hurlbert aliandika makala iliyoonyesha jinsi kosa hili lilivyoenea katika tafiti za uwandani, na mpaka leo ndilo kosa ambalo hakuna programu ya kompyuta inayoweza kuligundua. Linaonekana tu kwa kuuliza: mboji iliwekwa mara ngapi, kila mara kwa kujitegemea? Katika mfano wetu kila mche una kopo lake na kila kopo lilichanganyiwa mboji yake, kwa hiyo jibu ni mara kumi.

Hata pale kura ilipopigwa na makopo yakahamishwa, kinachoweza kusemwa ni kuwa kuweka mboji kulisababisha tofauti. Kwa nini ilisababisha ni swali jingine. Ripoti nyingi huongeza hapa kwamba "mboji ina nitrojeni ambayo iliisaidia mimea kukua". Inawezekana. Lakini mboji pia hushika maji na kuulegeza udongo, na jaribio hili halikutenganisha mambo hayo. Maelezo ya nitrojeni yaende kwenye sehemu ya mjadala, yakitanguliwa na "huenda", na yasiingie kwenye hitimisho kana kwamba yalipimwa.

Kilichopimwa na kilichotajwa

Maneno mawili yaliyobaki, "mazao" na "maharage", ni rahisi kuyapima: weka kidole kwenye jedwali uone kama neno limo. Mazao hayamo. Siku ya 21 mharage bado haujatoa ganda la kuvunwa. Tena urefu na mavuno havifuatani daima. Jamii ya kunde ikipata nitrojeni nyingi inaweza kujaza majani kwa gharama ya maganda, na vinundu vya mizizini vinavyonasa nitrojeni kutoka hewani hupungua. Mche mrefu wa leo unaweza kuwa mmea wenye debe dogo la maharage baadaye. Neno linaloruhusiwa ni "urefu wa miche katika siku ya 21".

"Maharage" nayo yamepanuliwa kupita kiasi. Kulikuwa na mbegu ya aina moja, udongo wa bustani moja, mboji ya lundo moja na msimu mmoja. Maharage yanayotambaa hayakui kama yale ya kichaka, na udongo ambao tayari una rutuba unaweza usionyeshe tofauti yoyote. Hitimisho litaje aina na mazingira, na kama mwandishi anaamini matokeo yanaweza kufika mbali zaidi, aseme hivyo kwenye mjadala kama matarajio yanayosubiri kupimwa.

Sasa tunaweza kuiandika sentensi upya:

"Baada ya siku 21, miche ya maharage iliyooteshwa kwenye udongo wenye mboji ilikuwa na wastani wa urefu wa sentimita 24.1 (mchepuko sanifu 3.4, miche 10), ikilinganishwa na 21.0 (mchepuko sanifu 2.9, miche 10) kwenye udongo usio na mboji. Tofauti ilikuwa sentimita 3.1 (masafa ya uaminifu ya asilimia 95: 0.1 hadi 6.1; t = 2.19, digrii za uhuru 18, p = 0.042). Matokeo yanaunga mkono dhana kuwa mboji hii iliongeza urefu wa miche katika mazingira ya jaribio, lakini ukubwa wa athari haujulikani kwa usahihi, na mavuno hayakupimwa."

Ni ndefu kuliko ya mwanzo. Lakini kila neno lina mahali pake kwenye data, na mtu anayetaka kurudia jaribio au kuchanganya matokeo yake na ya wengine ana kila namba anayoihitaji. Kumbuka pia kuwa "iliongeza" imebaki. Tumeiruhusu kwa sababu kura ilipigwa. Kama makopo hayakupangwa kwa kura, tungeandika "miche yenye mboji ilikuwa mirefu zaidi", bila kumtaja aliyeirefusha.

p inapokataa kushuka

Kuna kosa la upande wa pili, na linaumiza vilevile. Mwanafunzi mwingine anapata mtawanyiko ule ule, lakini tofauti ya sentimita 2.0. t yake ni 1.41 na p ni karibu 0.18. Anaandika: "Mboji haina athari kwa urefu wa maharage." Anadhani amekuwa mwangalifu, kumbe amedai kuliko yule wa kwanza. Aliyetupa wavu wa matundu makubwa akarudi bila dagaa hawezi kusema bahari haina dagaa. Masafa yake ya uaminifu ni kati ya −1.0 na 5.0: data inakubaliana na mboji isiyofanya kitu, na inakubaliana na mboji inayorefusha mche kwa sentimita 5. Sentensi yake sahihi ni: "Jaribio hili halikupata ushahidi wa kutosha kuwa mboji iliongeza urefu; tofauti iliyokadiriwa ilikuwa sentimita 2.0 (masafa −1.0 hadi 5.0), hivyo athari ya wastani haiwezi kuondolewa wala kukubaliwa." Wala asiandike kuwa matokeo "yalikaribia kuwa na maana", kana kwamba p ilikuwa safarini. Namba iandikwe ilivyo.

Wanafunzi hawa wawili, mmoja mwenye 0.042 na mwingine mwenye 0.18, wakiandika kwa mtindo wa zamani wataonekana wanapingana: mboji inafanya kazi, mboji haifanyi kazi. Wakiweka masafa yao kando kwa kando, 0.1 hadi 6.1 na −1.0 hadi 5.0, inaonekana kuwa sehemu kubwa ya masafa hayo inalingana. Hawapingani kabisa. Wote wawili wamepima kitu kile kile kwa sampuli ndogo, na ugomvi uliletwa na maneno.

Masafa hayohayo yanawaambia pia hatua inayofuata. Upana wake hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya miche: ukitaka kuukata nusu, unahitaji miche mara nne. Makopo 40 kwa kila kundi, kwa mtawanyiko ule ule, yangepunguza kosa la pande zote mbili kutoka karibu sentimita 3.0 hadi karibu 1.4. Kama tofauti ikibaki 3.1, masafa yatakuwa kati ya 1.7 na 4.5, na hapo mwandishi ataweza kusema kwa kujiamini zaidi kuwa miche ilirefuka, na kwa kiasi gani. Ripoti inayomaliza kwa kueleza hesabu hiyo, na kupendekeza jaribio la makopo 80 litakaloendelea hadi maganda yavunwe na kupimwa kwenye mizani, imempa msomaji kitu cha kufanyia kazi.